Hoja Zote Sahihi, Alama 52

Mzazi aliyesimama nyuma ya bwalo alikuwa ameshika karatasi ya mtihani wa moko, na alichouliza kilikuwa halali kabisa. Kijana wake yuko Kidato cha Sita, mchepuo wa HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza. Ni mtoto wa Songea, mji ambao kila Februari hukumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Vita hivyo amevisikia tangu hajaanza shule. "Nimesomewa karatasi yote mstari kwa mstari, Mwalimu," akasema. "Sijaona uongo hata mmoja. Sasa hizi 52 zimetoka wapi?"

Mkuu wa shule, mama ambaye amefundisha historia miaka mingi kabla ya kupewa ofisi, alikuwa amejiandaa kuzungumzia ada na chakula. Akaiweka ajenda kando. Alimwomba mzee ruhusa ya kuisoma karatasi ile mbele ya wenzake bila kutaja jina la mtoto, na kikao cha wazazi kikageuka darasa.

Swali lilikuwa hili, kwa tafsiri yake, maana historia ya Kidato cha Sita huulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza: "Kilimo cha lazima cha pamba ndicho kilichosababisha Vita vya Maji Maji. Jadili." Kijana alikuwa ameandika aya sita. Ya kwanza pamba. Ya pili kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898. Kisha kazi za kulazimishwa, ukatili wa maakida, imani ya maji ya Kinjikitile, na hamu ya watu kurudisha uhuru wao. Kila aya ilikuwa na maelezo mazuri, tarehe mahali pake, majina yameandikwa vizuri.

"Mzee wangu, kijana aliulizwa kama pamba ndiyo iliyoleta vita," Mkuu alisema. "Yeye ametujibu kwamba sababu ziko sita. Hilo hatukumuuliza."

Watu wakacheka kidogo, lakini mzee hakucheka. Alitaka hesabu, naye akapewa. Kwa mgao unaotumika shuleni hapo, swali hilo lina alama 20. Utangulizi una 2, hitimisho lina 3, na hoja sita zina 2.5 kila moja. Ndani ya hiyo 2.5, kutaja hoja ni nusu alama. Kuieleza kwa ushahidi ni alama moja. Alama moja iliyobaki hutolewa pale mwanafunzi anapoonyesha hoja hiyo inalifanya nini dai lililo kwenye swali: inaliunga mkono, inalipunguza nguvu au inalivunja. Kijana alipata 1.5 kwa kila hoja, jumla 9. Utangulizi ukampa 1.5. Hitimisho halikumpa kitu, kwa kuwa alirudia tu orodha yake kwa maneno mengine. Jumla 10.5 kati ya 20, na maswali yake mengine yalikwenda mwendo huohuo. Katika mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita, daraja A linaanzia 80. Alama za hamsini hadi hamsini na tisa ni D.

Kisha Mkuu akafanya jambo ambalo naona ndilo lililowageuza wazazi. Alichukua taarifa zilezile za kijana, bila kuongeza nyingi, akazipanga upya kwa mdomo.

Tuanze na Nandete, alisema, katika vilima vya Umatumbi. Mwishoni mwa Julai 1905 watu waling'oa pamba ya serikali, na vita vikaanza. Hapo pamba ina kesi nzito. Wajerumani walikuwa wamewalazimisha wanavijiji wa wilaya za pwani ya kusini kulima mashamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida, kwa malipo madogo mno, huku mashamba yao ya chakula yakisubiri. Anayeandika kuhusu Nandete anaweza kulikubali dai la swali karibu lote.

Sasa tuje kwetu. Wangoni waliingia vitani Septemba 1905. Mpango ule wa pamba ulikuwa haujafika Ungoni. Kama pamba ndiyo iliyosababisha vita, Wangoni walipigania nini? Mzee mmoja wa mbele akajibu kwa sauti kwamba walipigania utawala wao, wakubwa wao walikuwa wamenyang'anywa mamlaka. "Ahsante, baba," Mkuu akasema. "Hapo umepata ile alama moja ambayo kijana hakuipata."

Na akaongeza la tatu. Wahehe wa Iringa nao walikuwa na kila sababu ya kumchukia Mjerumani, lakini kwa sehemu kubwa hawakujiunga. Walikuwa wametoka kwenye vita vyao virefu chini ya Mkwawa, vilivyokwisha kwa kifo chake mwaka 1898, na wanajua bunduki za Wajerumani zinafanya nini. Kwa hiyo kuonewa peke yake hakutoshi kueleza nani alipigana na nani alikaa. Hapa ndipo maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yanapopata kazi. Si sababu ya tano katika orodha. Ni kitu kilichowezesha watu wenye malalamiko tofauti, wa Umatumbi na wa Ungoni, kuingia katika vita vimoja, hata baada ya Kinjikitile mwenyewe kunyongwa mwezi Agosti 1905.

Ukifika hapo, hitimisho linajiandika: pamba iliwasha moto pwani, lakini haielezi kwa nini moto ulifika Songea, kwa hiyo dai la swali lina ukweli wa sehemu moja ya nchi na si wa vita vizima. Mwanafunzi mwingine angeweza kufika kwingine. Angeweza kusema kwamba bila Nandete kusingekuwa na vita popote, kwa hiyo pamba ibaki chanzo kikuu. Naye angepata alama zake zote, ilimradi awe ameieleza Ungoni badala ya kuiruka.

Baba mmoja hakuridhika na hilo. Kama majibu mawili yanayopingana yote yanapata alama, basi mtihani hauna jibu? Mkuu alimjibu kwa kuwataja wanahistoria wenyewe. Wakoloni waliandika kwamba ni ushirikina uliowapumbaza watu. Mwalimu Nyerere alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956, aliieleza Maji Maji kama watu waliokataa haki ya mzungu kuwatawala. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikusanya kumbukumbu za vita hivyo na kuzichapisha mwaka 1968, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiitafuta historia ya taifa jipya, na vita vikaonekana kama chimbuko la umoja wetu. Kisha mwaka 2010 kikatoka kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson, ambamo waandishi wanaonyesha kwamba kila eneo lilikuwa na ugomvi wake, mwingine kati ya majirani wenyewe. Nandete ni ileile, mwaka ni uleule. Wanachobishania ni uzito wa kila jambo, na mtihani humwalika mtoto kwenye ubishi huo.

Haina maana kwamba tarehe hazina kazi. Karatasi ya Kidato cha Nne ina sehemu za kuchagua jibu, kuoanisha na kupanga matukio kwa mfuatano, na huko ukweli mtupu unalipwa. Hata kwenye insha, hoja ya Ungoni inasimama kwa sababu mwanafunzi anajua Wangoni waliingia Septemba na kwamba pamba ya lazima haikuwa kwao. Asiyejua hayo atabaki na maneno makali yasiyo na kitu chini yake, na msahihishaji huyaona mara moja.

Hapa niseme langu. Watoto hawakuanza kukariri kwa uvivu. Maswali mengi ya Kidato cha Nne huanza na "eleza sababu sita", na mtoto aliyefundishwa kuhesabu sababu kwa miaka minne huendelea kuzihesabu hata anapoambiwa ajadili. Lugha nayo inambana. Kujenga hoja yako kwa Kiingereza ambacho hukizungumzi nyumbani ni kazi ngumu kuliko kumeza aya iliyokwisha andikwa na mtu mwingine, ndiyo maana madesa na vijitabu vya majibu vinauzika sana karibu na mitihani. Na wasahihishaji ni wengi, wanatakiwa wafanane katika kutoa alama, na pointi iliyotajwa ni rahisi kukubaliana kuliko uzito wa hoja. Mfumo wenyewe una mkono katika ugonjwa huu, na Mkuu, nilipomuuliza baadaye, hakulikana hilo.

Dalili za jibu lililokaririwa, alisema, mzazi anaweza kuziona hata kama hakusoma historia. Moja ni hoja inayorudi kwa jina jipya: "unyonyaji" katika aya ya pili na "kodi kandamizi" katika ya tano, zote zikieleza kodi ileile. Nyingine ni utangulizi unaoanza na maana ya ukoloni bila kuligusa dai la swali. Huo umebebwa kutoka nyumbani, ungefaa kwa swali lolote. Mbaya kuliko zote ni kujibu swali la mwaka jana. Aliyekariri matokeo ya vita huandika njaa iliyofuata, nchi iliyochomwa, vifo vya makumi ya maelfu, wakati ameulizwa sababu. Kila neno ni kweli, na alama ni sifuri.

Kipimo alichowapa kilikuwa chepesi. Funika swali kwa mkono, usomewe jibu peke yake, kisha ujaribu kukisia mtoto aliulizwa nini. Ukishindwa kukisia, au ukiona jibu lile lingetosha maswali matatu tofauti, mtoto amemwaga alichohifadhi. Mzee wa swali la kwanza akaifanya palepale, akimwomba jirani yake, ambaye hakuwa ameisikiliza karatasi, akisie. Jirani akasema: "Taja sababu sita za Vita vya Maji Maji." Mzee akaikunja karatasi, akauliza kijana afanye nini kabla ya mtihani wa mwezi Mei.

Mkuu hakumwambia aongeze vitabu. Alimtaka kijana achukue maswali ya miaka iliyopita, na kwa kila moja aandike sentensi moja tu: nakubali, sikubali, au nakubali hadi hapa, na kwa nini. Sentensi hiyo ikikosekana, asianze kuandika insha. Kwa wazazi alikuwa na ombi lao. Watoto wanakuja likizo wiki ijayo. Msiwaulize wametaja sababu ngapi. Waulizeni ipi ina uzito kuliko nyingine, kisha wabishieni, kwa Kiswahili hichihichi, mpaka watoe ushahidi. Na fedha ya vijitabu vya majibu, alisema, kaeni nayo.