Kadi ya Saketi: Jinsi ya Kufupisha Madondoo ya Mhadhara Bila Kupoteza Ishara

Muhula unapokaribia ukingoni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme huwa na daftari lenye kurasa hamsini au zaidi kuhusu saketi za betri na rezista, na hapo ndipo haja ya kuzifupisha humjia. Wengi hukata kipande cha manila, wakanakili milinganyo yote iliyopigiwa mstari, wakaridhika. Kadi ya namna hiyo huonekana kamili, kumbe imeacha nje mambo ambayo aghalabu mhadhiri huyataja kwa mdomo tu: sharti la kila kanuni na mwelekeo wa kila herufi. Mlinganyo V = IR hausemi volteji imepimwa kutoka ncha ipi hadi ipi, wala mkondo umechukuliwa kuwa unaingilia wapi. Mwanafunzi anayeukumbuka mlinganyo huu barabara anaweza bado kupata jibu lililo kinyume.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuamua nini kibaki daftarini. Uthibitisho wa kanuni na historia yake vibaki huko. Kwenye kadi ziende kanuni tatu pekee: ile ya Georg Ohm ya mwaka 1827, na mbili za Gustav Kirchhoff, ambaye alizitangaza mwaka 1845 akiwa yeye mwenyewe bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Kila kanuni iandikwe pamoja na sharti lake. Kanuni ya Ohm, kwa mfano, hushika pale ukinzani usipobadilika, na ukinzani wa metali hubadilika pamoja na joto. Balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 kwa volti 240, huwa na ukinzani wa omu 960 inapowaka. Ikipimwa ikiwa baridi, ukinzani wake huwa takribani sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho, au hata chini ya hapo. Asiyeandika sharti la joto atadhani kipimo chake kimeharibika.

Sehemu ya alama haihitaji kuwa ndefu, ila ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni herufi V, ambayo husimama mahali pa volteji yenyewe na pia mahali pa kizio chake, volti. Vitabu hutofautisha kwa kuilaza herufi ya kwanza na kuisimamisha ya pili, lakini mwandiko wa kalamu hauonyeshi tofauti hiyo. Njia nyepesi ni kuipa kila volteji nambari yake chini, kama V1, na kuiacha V tupu iwe kizio. Mtego wa pili ni mchoro wa rezista: vitabu vya Marekani huichora kwa mstari wa msumeno, ilhali vile vinavyofuata viwango vya kimataifa huichora kwa mstatili. Kadi ionyeshe yote miwili kando kwa kando. Anayeandika kadi yake kwa Kiswahili ajihadhari pia na neno "nguvu", ambalo katika mazungumzo hubeba volteji, kawi na kasi ya kutumika kwa kawi bila kubagua. Kwenye kadi ni heri liachwe kabisa, pawepo volteji yenye volti, kawi yenye juli, na wati kwa kawi inayotumika kila sekunde.

Uzito wa kadi nzima umo katika kanuni za Kirchhoff. Ya kwanza husema kwamba mikondo inayoingia kwenye fundo, yaani mahali nyaya zinapokutana, ni sawa kwa jumla na inayotoka. Ya pili husema kwamba ukizunguka kitanzi chochote cha saketi hadi ulipoanzia, jumla ya volteji ulizopitia ni sufuri. Kando ya kanuni hii ya pili iandikwe kaida moja ya ishara, wala isibadilishwe katikati ya hesabu: kuvuka betri kutoka ncha hasi hadi ncha chanya ni kujumlisha, na kuvuka rezista kwa kufuata mkondo ni kutoa.

Mfano mmoja uliofanyiwa kazi hadi mwisho wafaa kuchukua upande wa nyuma wa kadi. Tuseme betri ya volti 12 imeunganishwa na rezista ya omu 2 katika tawi la kushoto, na betri ya volti 6 pamoja na rezista nyingine ya omu 2 katika tawi la kulia. Ncha chanya za matawi yote mawili huelekea fundo la juu, na kutoka hapo rezista ya omu 8 hushuka katikati hadi fundo la chini. Mkondo I1 na mkondo I2 huchukuliwa kuwa vinaingia fundo la juu kutoka kushoto na kulia, na I3 kuwa unashuka katikati. Milinganyo ni mitatu:

I1 + I2 = I3
12 − 2 I1 − 8 I3 = 0
6 − 2 I2 − 8 I3 = 0

Ukitia I1 + I2 mahali pa I3, unabaki na 10 I1 + 8 I2 = 12, na 8 I1 + 10 I2 = 6. Majibu yake ni I1 = 2 A, I2 = −1 A na I3 = 1 A.

Ni hapa ambapo alama nyingi hupotea. Mwanafunzi huiona ishara ya kutoa mbele ya I2, akadhani amekosea, akaifuta. Kisha hujumlisha 2 na 1 akapata ampea 3 katikati. Ukweli ni kwamba hesabu haina kasoro. Ishara ile yamwambia kwamba mkondo wa tawi la kulia hupita kinyume cha mshale alioukisia, na kwa kuwa huingilia ncha chanya ya betri ndogo, betri hiyo inachajiwa na ile kubwa. Iwapo ni betri kavu isiyoundwa ichajiwe, huenda ikapata moto au kuvuja, kwa hivyo anayeifuta ishara hiyo amefuta pia onyo.

Kosa hili hufichuliwa na hesabu ya wati, ambayo yastahili mstari wake kwenye kadi. Betri kubwa hutoa 12 × 2, yaani wati 24. Rezista ya kushoto hutumia wati 8, ya kulia 2, ya katikati 8, na betri ndogo hupokea wati 6. Jumla ni 24. Mwenye ampea 3 katikati atakuta betri zake mbili zinatoa wati 30, na rezista zake zinatumia 82. Saketi haiwezi kutumia kawi isiyotolewa, kwa hivyo atajua papo hapo kwamba amekosea, hata kabla ya kujua ni wapi.

Orodha ya makosa isinakiliwe kitabuni. Ichotwe kwenye majaribio yaliyokwisha kusahihishwa, kila kosa kwa maneno ya aliyelifanya, kwa kuwa makosa hujirudia kwa mtu yule yule. Ya maabara yawe mawili tu: kuunganisha ampeamita sambamba na betri, jambo linalounguza fyuzi yake kwa sababu ukinzani wake ni mdogo mno, na kupima omu ilhali saketi ingali na umeme.

Kadi ikishaandikwa, mwenyewe alifunge daftari na kujaribu swali ambalo hajawahi kulifanya. Kila anapolazimika kulifungua daftari, atie alama ya penseli kando ya kanuni inayohusika, na hicho alichokwenda kukitafuta ndicho kitakachoongezwa katika nakala ya pili.