Ng'ombe wa gredi Voi: damu ya kigeni iishie wapi?

Mfugaji wa Voi akishapata ndama wa kwanza chotara, hamu humpanda. Mama alikuwa Zebu wa kawaida wa kutoa kopo moja la maziwa, baba ni Friesian, na mtamba aliyezaliwa anakamuliwa mara kadhaa zaidi ya mamake. Basi mfugaji anajiambia: ikiwa nusu ya damu imeleta haya, robo tatu italeta zaidi. Anaita mhudumu wa kupandisha, anaagiza Friesian tena. Hapo ndipo ninapomsihi asubiri kidogo.

Yule chotara wa kwanza ana kitu ambacho hakitarudi kirahisi. Kila sifa mwilini huongozwa na jozi ya jeni, moja ya mama na moja ya baba. Kwake yeye kila jozi ina upande mmja wa Zebu na mmoja wa Friesian, na mchanganyiko huo wenyewe humpa nguvu ya ziada: anashika mimba mapema, anaishi miaka mingi, anastahimili kupe. Hii ndiyo nguvu ya uchotara, nayo haimo kwa Zebu wala kwa Friesian peke yake.

Sasa mpandishe kwa Friesian. Ndama atakuwa na asilimia 75 ya damu ya kigeni, lakini nusu ya zile jozi sasa ni Friesian pande zote mbili. Nguvu ya uchotara imepungua nusu, huku mwili mkubwa wenye joto jingi ukiongezeka. Mpandishe tena, unafika asilimia 87.5 na robo tu ya nguvu ile. Kule Wundanyi, kwenye ubaridi na majani ya nepia zizini, ng'ombe huyo anaweza kukulipa. Voi ni nyanda za chini, jua ni kali na malisho hukauka.

Utamtambua mapema. Saa nane mchana wenzake wanalisha, yeye amesimama kivulini akihema. Hesabu pumzi zake kwa dakika. Zikizidi 60 amelemewa na joto. Asiyekula hatoi maziwa, na mara nyingi ndiye huyo anayerudia joto la kupandwa mwezi baada ya mwezi. Mwaka 1987 Cunningham na Syrstad, katika kitabu kilichotolewa na FAO, walikusanya matokeo ya nchi nyingi za joto: maziwa hupanda vizuri hadi nusu ya damu ya kigeni, kisha faida inakuwa ndogo au inakosekana.

Wengine hukimbilia njia ya pili, kumpandisha chotara kwa dume chotara wa jirani ili wabaki nusu kwa nusu. Kwa hesabu ni nusu, ndiyo. Lakini hapa pia nusu ya jozi hurudi kuwa za upande mmoja, na nguvu hupungua vilevile. Isitoshe, ndama hutofautiana mno: mmoja anatoka kama nyanya yake Zebu, mwingine kama Friesian. Ndiyo maana kizazi hiki huwavunja moyo watu, wakadhani walidanganywa mbegu.

Mfano ninaoupenda uko hapa hapa pwani. Kilifi Plantations walijenga kundi lao kwa kupokezana madume ya Sahiwal na Ayrshire, baadaye wakaingiza Brown Swiss. Sahiwal ni jamii ya Zebu kutoka bara Hindi, ila ana maziwa kuliko Zebu wetu.

Tufuate hesabu hiyo kwa mtamba wako wa nusu. Mpandishe kwa Sahiwal: ndama ana robo ya damu ya kigeni. Huyo naye akikua mpandishe kwa Ayrshire, ambaye ni mdogo wa umbo kuliko Friesian: 62.5. Kisha Sahiwal tena: karibu 31. Vizazi vikienda, damu ya kigeni hubadilishana kati ya theluthi moja na theluthi mbili, na theluthi mbili za nguvu ya uchotara hubaki siku zote. Wa theluthi moja atatoa maziwa machache kuliko dadake, hilo lazima ulikubali. Ukiwa na zizi lenye kivuli, maji muda wote na dawa ya kupe bila kuruka wiki, unaweza kukaa upande wa theluthi mbili kwa raha zaidi. Anayechunga wazi upande wa Tsavo, kwenye mbung'o, asithubutu kuvuka hapo.

Kanuni ni nyepesi: mtamba hupandwa na aina ambayo si ya babake. Andika jina la baba kwenye daftari siku ya kupandisha, kwani rangi ya ngozi hudanganya. Na mbegu ya Sahiwal iagize mapema, maana joto la ng'ombe halimalizi siku, na ukianza kuitafuta saa hiyo utaletewa iliyomo kwenye mtungi.