Kusoma namba kwenye slaidi iliyopita haraka

Jedwali lililokaa sekunde tatu kwenye rekodi ya skrini limebeba makumi ya fremu, na si zote zinazosomeka. Video hubanwa ili faili liwe dogo, kwa hiyo mara nyingi slaidi inapobadilika fremu za mwanzo huwa na ukungu, kisha herufi hukaa sawa kadiri picha inavyotulia. Fremu ya kuchukua ni ile ya mwisho kabla slaidi haijaondoka. Programu ya bure ya ffmpeg huitoa kwa amri moja:

```
ffmpeg -ss 00:12:43.5 -i mada.mp4 -frames:v 1 fremu.png
```

Picha ihifadhiwe kama PNG, maana JPEG huibana tena na kuongeza ukungu. Kuikuza husaidia macho tu. Tarakimu iliyopotea hairudi.

Kwenye jedwali, tarakimu zinazochanganywa sana ni 3 na 8, au 6 na 8. Hapo jumla iliyoandikwa chini ndiyo shahidi. Tuseme safu imesomwa 412, 338, 265 na 274, lakini chini yake pameandikwa 1,284. Namba zilizosomwa zinafika 1,289, yaani zimezidi 5, tofauti ileile iliyopo kati ya 8 na 3. Katika nafasi ya mamoja, 8 ipo kwenye 338 peke yake, basi inaelekea ni 333. Fremu irudiwe kuangaliwa mahali hapo, kwani jumla nayo yaweza kuwa imesomwa vibaya, au mtoa mada mwenyewe alikosea kujumlisha.

Chati ya nguzo isiyo na namba juu ya nguzo zake hupimwa kwa pikseli. Programu nyingi za picha huonyesha mahali kishale kilipo, zikihesabu kuanzia juu kwenda chini. Ikiwa alama ya 0 kwenye mhimili wa wima iko pikseli ya 620 na ya 100 iko ya 120, pikseli 500 zinabeba vizio 100, yaani 5 kwa kila kimoja. Nguzo inayoishia pikseli ya 287 ina urefu wa pikseli 333. Ukigawanya kwa 5 unapata 66.6. Ukingo wenye ukungu wa pikseli mbili unaweza kupotosha jibu kwa 0.4, hivyo uaminifu ni kuandika “takriban 67”. WebPlotDigitizer hufanya hesabu hiyohiyo baada ya kuonyeshwa alama zinazojulikana za mhimili.

Kosa kubwa zaidi hutokana na mhimili wenyewe. Ukianzia 50 badala ya 0, anayelinganisha urefu wa nguzo kwa macho hudanganyika, ilhali anayepima kutoka alama mbili zilizoandikwa yuko salama. Mhimili wa logi hauokolewi na mgawanyo huu: katikati ya 10 na 100 si 55, bali karibu 31.6. Utambulisho wake ni alama za 1, 10, 100 na 1,000 zilizopishana kwa nafasi sawa.