Watu Watatu, Mradi Mmoja: Nani Ana Neno la Mwisho?

Ken Schwaber na Jeff Sutherland walipotoa Mwongozo wa Skramu mwaka 2010, hawakumwekea nafasi meneja wa mradi. Hata toleo la Novemba 2020 lina watu wa aina tatu tu: mmiliki wa bidhaa, skramu masta na watengenezaji, na wote kwa pamoja kwa kawaida hawazidi kumi. Anayeusoma waraka huo akitafuta meneja atafika ukurasa wa mwisho bila kumwona.

Lakini nenda benki, wizarani au kwenye kampuni yoyote inayotengeneza mifumo ya kompyuta kwa mkataba, utamkuta meneja yupo. Ana barua ya ajira, ana ofisi, na mteja akitaka kujua mradi umefikia wapi, simu inaita kwake. Hii ndiyo timu mseto. Kazi ya kila siku inaendeshwa kwa vipindi vifupi vya wiki mbili vinavyoitwa sprinti, na nje yake kuna mkataba wenye tarehe, bajeti na malipo yanayotolewa kwa awamu. Timu za namna hii ni nyingi, na nyingi kati yake husumbuliwa na tatizo lile lile: uamuzi mmoja unakuwa na wenyewe wawili, au unakosa mwenyewe kabisa.

Ili kuelewa tatizo hilo linatoka wapi, ni vizuri kukumbuka meneja wa mradi wa zamani alikuwa anafanya nini. Aliamua lipi litengenezwe kwanza, akagawa kazi kwa kila mtu, akasukuma ratiba, akaondoa vikwazo, akatunza fedha na akaongea na wakubwa. Skramu ilizichukua kazi hizo ikazigawa upya. Swali la lipi litengenezwe na kwa mpangilio upi likaenda kwa mmiliki wa bidhaa, ambaye Mwongozo unasisitiza awe mtu mmoja, si kamati. Yeye ndiye anayetunza orodha ya kazi zinazosubiri, na ni yeye peke yake mwenye mamlaka ya kuifuta sprinti iliyokwisha kuanza. Namna ya kuifanya kazi yenyewe iliachiwa watengenezaji, wajigawie wenyewe. Skramu masta akapewa jukumu la kuhakikisha utaratibu unafuatwa, kuisaidia timu ifanye kazi vizuri zaidi, na kusababisha vikwazo viondolewe. Hampi mtu kazi wala hapangi tarehe.

Kilichobaki bila kutajwa ni fedha, mikataba, manunuzi, ajira na uhusiano na idara nyingine. Katika taasisi kubwa mambo hayo hayawezi kuachwa yaelee, ndiyo maana meneja anarudishwa. Shida huanza pale anaporudi na kuyashika tena, pamoja na hayo ya nje, yale ambayo tayari yameshapewa wengine.

Uzito wa mambo ya nje unaonekana wazi katika mradi wa Sentinel wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Mfumo wa kesi uliotangulia ulitupwa mwaka 2005 ukiwa umeshagharimu takriban dola milioni 170. Mwaka 2006 kampuni ya Lockheed Martin ikapewa kazi ya kujenga mwingine kwa awamu nne. Kufikia Agosti 2010 zilikuwa zimetumika dola milioni 405 hivi kati ya bajeti ya milioni 451, na awamu mbili tu ndizo zilizokuwa zimewafikia wapelelezi. FBI ikaamua kuisimamia kazi yenyewe, ikapunguza sana idadi ya watu, ikayavunja mahitaji yaliyobaki kuwa vipande 670 na kuanza kuvijenga kwa sprinti za wiki mbili.

Kazi ilikwenda, ila Oktoba 2011, mfumo ulipojaribiwa na watumiaji wenyewe, ulizimika mara mbili. Uchunguzi ulionyesha kwamba mitambo iliyokuwapo haikuwa na uwezo wa kubeba mzigo huo. Ikabidi inunuliwe mingine. Uzinduzi uliotarajiwa Januari 2012 ukasogezwa hadi Mei, na mwishowe Sentinel ikaanza kutumiwa na wafanyakazi wote Julai 2012.

Kwangu mimi funzo kubwa la mradi ule limo katika miezi hiyo ya mwisho. Seva hazinunuliwi ndani ya sprinti ya wiki mbili. Zinahitaji makadirio, idhini ya matumizi, zabuni na muda wa kusafirishwa, na mtu wa kuzifuatilia lazima aanze miezi mingi kabla hazijahitajika. Watengenezaji wanaweza kumaliza kila kipande walichopangiwa na tarehe ikateleza vilevile, kwa sababu jambo la nje halikuwa na mtu wa kuliangalia mapema. Hapo ndipo meneja wa mradi ana kazi ya kweli katika timu mseto: kutazama mbele zaidi ya sprinti mbili au tatu, na kuyatafuta yale ambayo timu haiwezi kuyatengeneza kwa mikono yake.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Tuseme kampuni ya Dar es Salaam ina mkataba wa kuijengea hospitali mfumo wa usajili na malipo ya wagonjwa kwa wiki 26. Hizo ni sprinti 13. Timu imekadiria ukubwa wa kazi yote kwa pointi, ikapata 240, na inatarajia kumaliza pointi 18 au 19 kila sprinti. Baada ya sprinti nne hesabu inapigwa: zimekamilika pointi 60, yaani wastani wa 15. Zimebaki pointi 180 na sprinti tisa. Kwa kasi ile ile, tisa zitatoa 135. Pointi 45 hazina nafasi.

Katika timu iliyochanganyikiwa, meneja anaiona hesabu hiyo na kuingia kwenye kikao cha timu kuwaambia waongeze kasi hadi pointi 20. Timu inatii kwa njia iliyo rahisi kuliko zote: kazi iliyokuwa inakadiriwa kwa pointi tatu sasa inakadiriwa kwa pointi tano. Chati inapendeza, na mfumo haujasogea. Skramu masta makini huitambua hali hii mapema, kwa kuwa pointi zinapanda huku idadi ya vipande vinavyokamilika ikibaki pale pale.

Katika timu inayojua mipaka yake, hesabu hiyo hiyo inapita mikono mitatu. Skramu masta anauliza kwa nini ni 15. Huenda kila kipande kinasubiri siku tatu kabla mtu wa hospitali hajakijaribu. Hicho ni kikwazo kinachoweza kuondolewa, na kasi ikapanda kidogo kwa haki. Mmiliki wa bidhaa anapitia orodha na kuchagua zipi katika zile pointi 180 zinaweza kungoja. Anaweza kusema kwamba ripoti za mwezi za uongozi zisubiri, ila malipo ya bima hayagusiki, maana bila hayo dirisha la malipo haliwezi kufunguliwa. Meneja naye anafungua mkataba. Anagundua kwamba ripoti zile zimetajwa kama sehemu ya awamu ya pili, na malipo ya awamu hiyo hayatatoka bila ya ripoti hizo.

Hapa ndipo majukumu yanapopandana, na hakuna mchoro wa vyeo utakaoliondoa hilo. Mmiliki wa bidhaa ana haki ya kupanga mpangilio wa kazi. Meneja ana wajibu wa kuulinda mkataba. Meneja akibadilisha orodha mwenyewe, timu itakuwa na mabosi wawili, na kuanzia siku hiyo kila mtengenezaji atamsikiliza yule mwenye sauti kubwa zaidi. Mmiliki wa bidhaa akiziahirisha ripoti bila kumwambia meneja, kampuni itakosa fedha za mishahara. Njia inayofanya kazi ni ya mpangilio huu: meneja anaileta gharama mezani (“ripoti zikiahirishwa, malipo ya awamu ya pili yanachelewa kwa wiki sita”), mmiliki wa bidhaa anaamua akiwa anaijua gharama hiyo, kisha meneja anakwenda hospitali na barua ya kuomba mabadiliko ya mkataba. Kama hospitali itakataa, hilo nalo ni taarifa mpya, na mmiliki wa bidhaa anapanga upya.

Jambo jingine linalogongana ni taarifa ya maendeleo. Kamati ya mradi inataka asilimia, na timu ina pointi na vipande vilivyokamilika. Meneja mwenye chati yake ya ratiba pembeni, anayoijaza kwa kukisia, baada ya mwezi mmoja atakuwa na mradi wa pili wa kwenye karatasi usiofanana na ule unaojengwa. Ni heri achukue takwimu kutoka kwenye orodha ya mmiliki wa bidhaa, azitafsiri kwa lugha ya kamati, na akubali kwamba tarehe ya mwisho inatajwa kwa masafa, kwa mfano kati ya sprinti ya 13 na ya 16, mpaka kasi ya timu itulie.

Ukitaka kujua mipaka imevurugika, hudhuria kikao cha kila siku, kile cha dakika 15. Watengenezaji wakizungumza huku wamemkabili meneja, mmoja baada ya mwingine, wakieleza jana walifanya nini, kikao hicho kimekwisha kugeuka kuwa cha kutoa taarifa, na watu watasema yale yanayomridhisha. Dalili nyingine ni mmiliki wa bidhaa ambaye kila akiulizwa swali hujibu, “Ngoja nikaulize.” Huyo amepewa cheo bila mamlaka. Anayeamua hasa yuko kwingine, na timu itasubiri.

Kampuni ndogo haziwezi kuajiri watu watatu, kwa hiyo mtu mmoja hubeba majukumu mawili. Hapa sikubaliani na wanaosema ni sawa tu ilimradi mtu awe hodari. Mmiliki wa bidhaa akiwa pia skramu masta, yule anayetaka kazi zaidi ndiye huyo huyo anayetakiwa kuilinda timu isizidiwe, na upande wa kazi utashinda karibu kila mara. Meneja akiwa skramu masta, mambo yanaweza kwenda ikiwa si yeye anayejaza fomu za kupima utendaji wa hao watu. Akiwa ndiye, hakuna atakayethubutu kusema katika kikao cha kujitathmini kwamba kilichoiharibu sprinti ni uamuzi wa meneja. Mchanganyiko ninaouona una nafuu ni meneja kuwa mmiliki wa bidhaa, kwa sharti kwamba mteja amempa ruhusa ya maandishi ya kupunguza kazi. Gharama na mpangilio hapo vinakaa katika kichwa kimoja. Usukani wa skramu masta unaweza kushikwa na mmoja wa watengenezaji kwa saa chache kila wiki, na saa hizo zipunguzwe kwenye pointi anazotarajiwa kumaliza.