Tuisheni ya Sh1,000 na ya Sh10,000, ipi ghali?

Matokeo ya muhula yakitoka, wazazi wengi huanza kuulizana mtaani: "Jirani, wewe wako anasoma tuisheni wapi? Wanatoza shilingi ngapi?" Swali la pili ndilo linalotupoteza. Bei ya saa moja peke yake haikuambii kama unanunua kitu cha bei rahisi au unatupa fedha. Inabidi uiweke pamoja na idadi ya watoto, nauli, na kile ambacho mtoto atakuwa amekipata mwisho wa safari.

Tuchukue mfano. Binti yuko Kidato cha Tatu, anaishi Tabata jijini Dar es Salaam, na Hisabati amepata alama 24. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani (Necta) kwa Kidato cha Nne, hiyo ni F. D inaanzia 30, na C inaanzia 45. Mama yake ameulizia huku na huku akapata njia tatu. Bei nitakazotaja ni za mfano huu tu, mtaani kwako zinaweza kuwa juu au chini, lakini hesabu yake ni ileile.

Njia ya kwanza ni kituo cha tuisheni. Kila kipindi cha saa mbili ni Sh1,000, siku tatu kwa wiki, darasani wako watoto 40. Ada ya wiki ni Sh3,000. Lakini binti anapanda daladala, na akiwa hana sare ya shule konda anamtoza kama mtu mzima. Tuseme Sh600 kwenda na Sh600 kurudi, mara tatu: Sh3,600. Nauli imeizidi ada! Jumla ni Sh6,600 kwa wiki, sawa na Sh1,100 kwa saa.

Bado ni rahisi, utasema. Sasa gawanya dakika 120 kwa watoto 40. Hata kama mwalimu asingefundisha ubaoni kabisa, akapita tu dawati kwa dawati, kila mtoto angepata dakika tatu. Mtoto wa alama 24 hashindwi kwa sababu hajaonyeshwa swali ubaoni, shuleni ameonyeshwa. Anashindwa kwa sababu kuna hatua moja ya nyuma, pengine sehemu au alama za kutoa katika aljebra, ambayo hakuna aliyekaa naye akaiona ikikosewa. Fungua daftari lake la tuisheni. Likiwa limejaa mifano iliyonakiliwa vizuri na hakuna kalamu nyekundu, unalipia ubao wa pili. Kituo kinamfaa zaidi mtoto wa alama 55, anayeelewa na anataka maswali mengi ya mazoezi.

Mwalimu wa peke yake

Njia ya pili ni mwalimu anayekuja nyumbani. Anataka Sh10,000 kwa saa, mara mbili kwa wiki, kila mara saa moja na nusu. Hiyo ni Sh30,000. Anapanda daladala mbili kuja na mbili kurudi, Sh2,400 kwa siku, na anaomba mzazi amlipie. Wiki inafika Sh34,800, yaani Sh11,600 kwa saa.

Hapa anayekula fedha ni foleni. Mwalimu aliyesema saa kumi na moja akiingia na dakika 20, akaondoka muda uleule kwa sababu ana mwanafunzi mwingine, dakika 90 zimekuwa 70. Ikiwa hivyo mara zote mbili, saa moja halisi inakugharimu karibu Sh14,900. Kwa hiyo mnapopatana bei, msiishie kwenye bei. Mama wa mfano wetu aseme waziwazi: "Mwalimu, saa tunaihesabu tangu ukikaa mezani. Ukichelewa kwa foleni si kosa lako, ila tutazifidia siku nyingine." Mwalimu mzuri hatanuna. Ukiweza kumpata anayekaa umbali wa kutembea kwa miguu, hata akizidisha Sh1,000 kwa saa, bado umeokoa.

Mwalimu wa peke yake ana nafasi yake: mtoto aliyeugua akakosa muhula, au anayeona haya kuuliza mbele ya wenzake. Ila isiwe ya mwaka mzima. Mtoto huzoea kusaidiwa kila hatua, na kwenye chumba cha mtihani hakuna wa kumwambia "hapo angalia alama yako".

Watoto wanne, meza moja

Njia ya tatu ndiyo ambayo binafsi naiona bora kwa mtoto wa kawaida. Wazazi wanne wa mtaa mmoja wanamwita mwalimu yuleyule. Kwa sababu kazi imeongezeka, anapandisha hadi Sh15,000 kwa saa kwa kundi zima. Kwa saa tatu ni Sh45,000, ongeza nauli Sh4,800, jumla Sh49,800. Kila mzazi anatoa Sh12,450 kwa wiki, yaani Sh4,150 kwa saa, na watoto wanakwenda kwa miguu. Mwalimu anaweza kuona madaftari yote manne kabla hajaondoka.

Huharibika kwa mambo mawili. Kwanza, watu hukusanya watoto kwa kidato badala ya kiwango. Wa alama 20 akikaa na wa 60, mmoja ataachwa na mwingine atasinzia. Mwalimu awape wote jaribio fupi kabla ya kukubali kundi. Pili, mzazi mmoja akijitoa, waliobaki watatu wanalipa Sh16,600 kila mmoja. Kubalianeni mapema kwamba anayejitoa anatoa taarifa ya wiki mbili. Na masomo yafanyike sebuleni au barazani, mlango wazi, mtu mzima akiwapo. Hili halina mjadala, hata mwalimu awe mcha Mungu kiasi gani.

Umelipia nini?

Kwa wiki 12, kituo kitakula Sh79,200, kundi Sh149,400, na mwalimu wa peke yake Sh417,600. Utegemee nini? Kutoka 24 hadi C ni alama 21. Katika mitihani ya Hisabati ya Kidato cha Nne ya miaka ya karibuni, sehemu A ina maswali 10 ya alama sita sita. Kwa hiyo alama 21 ni kama maswali matatu na nusu. Muulize mwalimu: "Ni mada zipi nne utakazomfundisha hadi aziweze?" Akikutajia, kwa mfano seti, uwiano, takwimu na hesabu za biashara, kisha akasema ataanza na sehemu na aljebra kwanza, huyo ameshaangalia karatasi ya mtoto. Anayekuahidi A ndani ya miezi mitatu hajaiangalia.

Baada ya wiki nne, mpime mwenyewe. Usitumie jaribio la mwalimu wa tuisheni, maana mara nyingi ni maswali yaleyale aliyofundisha. Chukua swali moja daftarini, badilisha namba, mwache mtoto alifanye peke yake, kisha mpelekee mwalimu wa shule asahihishe. Alama za kazi za nyumbani zikipanda na hili likashindikana, anayefanya kazi za nyumbani ni mwalimu.

Malipo nayo yawe kwa wiki, baada ya vipindi kufanyika, na kila kipindi kiandikwe kwenye daftari dogo: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mada. Mtoto na mwalimu wote waweke sahihi.