Nyimbo Ulizopakua, na Simu ya Sita

Dereva wa basi la Dar es Salaam hadi Mbeya hujua mahali mtandao unapokatika, na ndiyo maana wengi hulipia muziki wa kupakua. Kabla ya kulipa, afadhali ujue kinachocheza bila bando na masharti yake.

Tuanze na Spotify, iliyofunguliwa Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021. Asiyelipa hupakua podikasti tu. Albamu na orodha za nyimbo ni za mwenye Premium. Huyo anaruhusiwa nyimbo 10,000 katika kila kifaa, vifaa visizidi vitano. Sioni nani atakayefikisha idadi hiyo. Kinachoumiza ni vifaa. Chukua mtu mwenye simu mbili, tableti na kompyuta mbili, kisha mdogo wake anaomba kupakua kwenye simu yake kwa akaunti hiyohiyo. Hicho ni kifaa cha sita, na nyimbo zilizo kwenye kifaa ambacho hakijatumika kwa muda mrefu zaidi zitafutwa. Mara nyingi ni ile simu ya akiba iliyowekwa kwa ajili ya safari.

Sharti la pili ni siku 30: lazima kifaa kiingie mtandaoni walau mara moja ndani ya muda huo, la sivyo nyimbo zinagoma kucheza. YouTube Music Premium nayo ina sharti hilo. Apple Music haina huduma ya bure ya kusikiliza nyimbo utakazo, lakini inakubali vifaa kumi, kompyuta zisizidi tano kati ya hivyo. Kote huko, malipo yakikoma nyimbo hazichezi tena. Umekodi, hukununua.

Sasa bando. Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa kawaida wa Spotify, yaani 96 kbps, ni kama MB 3. Kwa ubora wa juu sana, 320 kbps, unakaribia MB 10. Nyimbo 200, zaidi ya saa 13 za muziki, zitakula takriban MB 580 kwa ubora wa kawaida, au GB 1.9 kwa ule wa juu sana. Anayesikiliza moja kwa moja mtandaoni saa mbili kwa siku, siku 26 za kazi, atamaliza kama GB 2.2 hata kwa ubora wa kawaida. Kwa spika ya basi lenye injini inayonguruma, mimi ningechagua ubora wa kawaida na kupakua kwa Wi-Fi.

Nyimbo ulizopakua kwenye simu hazihamii kwenye kompyuta. Kila kifaa hupakua chake, na ukifuta programu na kuiweka upya unaanza tena. Usiku wa kuamkia safari, washa hali ya ndege na ucheze nyimbo mbili tatu. Kwenye Spotify, zenye mshale wa kijani ndizo zilizomaliza kupakuliwa; zilizofifia hazikupakuliwa.