Siki na bekingi soda havitoi madoa ya chokaa

Nimechoka kuulizwa siki na bekingi soda vichanganywe kwa kipimo gani ili kutoa madoa meupe kwenye kioo cha shawa. Hakuna kipimo. Ukivichanganya umeviharibu vyote viwili, na kila anayesambaza maelekezo hayo anawapotezea watu siki na nguvu.

Weupe huo ni chokaa. Maji ya visima vya pwani, kuanzia Mtwapa na Nyali hadi Unguja, hupita kwenye mawe ya matumbawe na kuyayeyusha kidogo kidogo. Tone likikauka kwenye kioo, maji huondoka na chokaa hubaki. Chokaa huyeyushwa na asidi, na siki nyeupe ya dukani huwa na asidi ya asetiki kama asilimia 5. Asidi hiyo ndiyo silaha yote uliyonayo. Bekingi soda kazi yake ni kuua asidi. Robo kikombe cha siki, yaani mililita 60, ina gramu 3 hivi za asidi, na kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda kinatosha kuimaliza yote. Kinachobaki ni maji yenye chumvi chumvi ambayo hayana lolote la kuifanya chokaa. Magadi ya kupikia nayo ni yale yale.

Povu ndilo linalowadanganya watu. Wanaliona likichemka, wanaamini linang'oa uchafu. Povu hilo ni hewa inayotoka vitu hivyo viwili vinapokutana, na litachemka vile vile kwenye bakuli safi. Kuna wanaonijibu kwamba kwao limefanya kazi. Wamesugua, na chembe za bekingi soda zikakwangua utando wa sabuni uliokuwa juu. Kisha wakatazama kioo kingali na maji, na chokaa ikilowa haionekani vizuri. Kiacheni kikauke, mkitazame kesho yake asubuhi mwanga ukipiga kwa ubavu. Weupe uko pale pale.

Ukitaka ushahidi, dondosha tone la siki tupu juu ya doa. Vikitokea viputo vidogo palepale kwenye doa, hiyo ni chokaa ikiyeyuka. Visipotokea, mara nyingi ni kwa sababu doa limefunikwa na utando wa sabuni. Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu hufanya nta ya kijivu ambayo siki haipenyi. Kwa hiyo utaratibu ndio unaoamua.

Chukua mlango ulioota weupe kuanzia magotini kwenda chini, ambako maji ya shawa hurukia. Kwanza uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, sugua kwa sifongo mpaka kioo kisiteleze kwa nta, suuza. Sasa chovya tishu katika siki tupu, usiongeze maji, zibandike juu ya madoa. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa hata wakitumia siki peke yake: wanapulizia, inatiririka sakafuni kabla haijafanya kazi. Acha tishu dakika 20, ukizilowesha tena zikianza kukauka. Bandua, sugua kwa sifongo laini, suuza, kausha. Pita ukucha: penye kukwaruza bado kuna chokaa, rudia. Siki isiguse marumaru wala terazo, kwani nayo ni chokaa. Na isikutane kamwe na jiki, maana hutoka gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Kama baada ya kurudia kioo ni laini kabisa chini ya ukucha lakini kikikauka bado kina ukungu, si doa tena. Kioo chenyewe kimeliwa. Hakuna siki itakayokirudisha. Ni kazi ya fundi wa vioo kukipiga msasa maalumu, au kukibadilisha.

Michirizi ya madirisha ni jambo jingine na jibu lake ni fupi. Karibu kila mara ni sabuni nyingi mno au jua. Kwa ndoo ya lita 5, matone machache ya sabuni ya vyombo yanatosha. Nyumba ikiwa karibu na bahari, suuza chumvi kwanza kwa maji matupu. Fanya kazi upande wenye kivuli, vuta maji kwa kifutio cha mpira kutoka juu, futa ule mpira kila unapomaliza mkondo mmoja, malizia kingo kwa kitambaa kikavu kisicho na manyoya. Ndani futa kwa kulala, nje kwa kusimama. Mchirizi ukibaki utajua uko upande upi. Na mlango wa shawa uvute kwa kifutio hicho hicho kila anapotoka mtu kuoga, kabla matone hayajakauka.